Saa nane usiku nani atatoka? Nilivyoliandika upya tangazo la shoo

Rafiki yangu anapiga saksafoni kwenye bendi ya muziki wa bango hapa Mombasa. Mwaka jana alinitumia tangazo la shoo yake, na shoo yenyewe ilikuwa imeshapita. Alitaka nimwambie kwa nini walikuja watu thelathini tu, kisha tuandike upya kwa ajili ya shoo inayofuata. Liliandikwa hivi:

"Baada ya kimya kirefu, wakali wa bango wamerudi! Jumamosi hii usikose usiku wa kukata na shoka, burudani ya nguvu, laivu bila chenga! Tukutane Nyali pale pale petu kuanzia saa 8 usiku hadi che. Kiingilio ni cha kirafiki. Wote mwakaribishwa!"

Nilimuuliza, "Kaka, sasa saa nane usiku nani atatoka kwake?" Yeye alimaanisha saa mbili. Alisoma 8:00 kwenye simu akaiandika ilivyo, akabandika neno "usiku". Nusu ya wasomaji walielewa kwa hisani tu, wengine wakadhani bendi inapanda jukwaani watu wakiwa wamelala. Dawa yake ni kuandika saa kwa maneno: saa mbili usiku. Halafu saa inayoandikwa iwe ya muziki kuanza, si ya mlango kufunguliwa, kwa hiyo ikawa saa mbili na nusu. Mtu akikaa saa nzima akitazama mafundi wakipima spika, shoo ijayo atachelewa makusudi.

Saa ya kumaliza nayo ni muhimu, hasa kwetu. Anayetoka Likoni anawaza feri na matatu ya kurudi kabla hajawaza muziki. "Hadi che" kwake ni sababu ya kubaki nyumbani. Nilimwambia aandike saa tano kamili, na waiheshimu.

"Jumamosi hii" nayo iliniudhi. Tangazo huzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp wiki mbili, na Jumamosi hii ya leo si ya kesho kutwa. Andika siku na tarehe pamoja.

Kwenye kiingilio ndipo tulipobishana. Aliogopa kwamba bei ikionekana itafukuza watu. Mimi naona bei isiyoonekana ndiyo inayofukuza, kwa sababu mtu hukisia ya juu, na hakuna anayetaka kuaibika mlangoni mbele ya mkewe. Tukaweka bei mbili, shilingi 300 kwa anayelipa mapema na 500 mlangoni. Kando ya namba ya M-Pesa tukaandika jina litakalotokea mtu anapotuma pesa. Namba ilikuwa ya mpiga ngoma, na jina geni humfanya mtu ahisi anatapeliwa, akaghairi pale pale.

Kazi kubwa ilikuwa sababu ya kuja. Nikamuuliza, "Mtu wa Changamwe atoke kwake kwa nini?" Akajibu, "Si tunapiga laivu?" Kila bendi inapiga laivu. "Burudani ya nguvu?" Hata tangazo la disko lasema hivyo. Tuliendelea hivyo mpaka chai ikapoa, ndipo akasema kama jambo dogo, "Safari hii kuna mzee wa taarabu atakuja na udi wake. Hatujawahi kupiga naye." Wallahi nilitaka kumpiga kofi! Hilo ndilo tangazo, naye alikuwa amelificha. Likaenda mstari wa kwanza kabisa, kwa sababu WhatsApp hukata ujumbe mrefu, na sifa zikitangulia, habari hubaki chini ambako wengi hawafiki.

Tangazo la shoo ya pili likawa hili (jina la mkahawa, namba ya M-Pesa na jina la mwenye namba nimeyatoa hapa, kwenye tangazo yalikuwepo):

```
Udi wa taarabu na saksafoni ya bango, jukwaa moja.
Hawajawahi kupiga pamoja.

Jumamosi, 9 Mei
Muziki: saa mbili na nusu usiku hadi saa tano kamili
Mahali: Mkahawa wa ____, ghorofa ya kwanza,
Barabara ya Links, Nyali
Kiingilio: 300 kwa M-Pesa kabla ya Ijumaa, 500 mlangoni
```

"Pale petu" liliondoka. Pale petu wanapajua waliokwisha kuja, na hao sio unaowatafuta.

Mistari hiyo hiyo tuliiweka pia juu ya picha. Watu hupakua picha na kuituma bila maandishi ya chini yake. Picha ya kwanza ilikuwa na nyuso tano za wanabendi, na mahali pameandikwa kwa herufi za chungu. Tukabakiza udi na saksafoni. Niliishika simu kwa mkono ulionyooka, na kilichonishinda kusoma kwa umbali huo kikakuzwa au kikatolewa.

Mara ya kwanza simu yake ililia mchana kutwa, watu wakiuliza ni wapi na ni pesa ngapi. Mara ya pili waliuliza kama watoto wanaruhusiwa. Hilo tulikuwa tumelisahau, tukaongeza mstari.