Tanjenti ya pamoja: usidanganywe na mabonde

Mwaka wa pili wa chuo nilipata sifuri kwenye swali nililodhani nimelimaliza kwa dakika tatu. Tulipewa mkunjo wa nishati huru ya Gibbs wa aloi ya metali mbili, A na B, wenye mabonde mawili, tukaulizwa: fezi mbili zilizo kwenye msawazo zina kiasi gani cha B kila moja? Nikashusha mstari wima kutoka chini ya kila bonde, nikasoma namba mbili, nikakabidhi karatasi. Siku hizi nasimamia mazoezi ya wanaoanza, na kosa hilohilo nalikuta kila muhula. Najua linakotoka. Mkunjo unaochorwa ubaoni mara nyingi huwa na pande mbili zinazolingana kama uso na kioo chake, na kwenye mkunjo wa namna hiyo chini ya bonde ni palepale inapogusa tanjenti ya pamoja, yaani mstari mmoja unaougusa mkunjo mara mbili kutoka chini, ambako ndiko jibu la kweli liliko. Jibu linakuwa sahihi kwa bahati, nawe unaondoka na kanuni mbovu.

Tuuharibu basi ulinganifu huo tuone. Chukua x kuwa sehemu ya moli ya B, na kipimo hiki cha nishati kwa moli moja ya aloi:

G = x·GB + RT[x ln x + (1−x) ln(1−x)] + W·x(1−x)

Joto liwe kelvini 1000, hivyo RT ni joule 8314. W, inayoonyesha jinsi A na B wanavyochukiana, iwe joule 20,785, yaani mara mbili na nusu ya RT. Ikizidi mara mbili tu, mkunjo tayari unapata nundu katikati. GB ni nishati ya B akiwa peke yake. Ya A tumeiita sifuri.

Ukianza na GB = 0, mabonde yako kwenye x = 0.145 na x = 0.855, na rula ikilazwa chini ya mkunjo inagusa hapohapo. Sasa weka GB = 1000. Mkunjo wote unainuka upande wa kulia kama meza iliyowekewa tofali chini ya mguu mmoja. Bonde la kushoto linahamia 0.114, la kulia 0.794. Weka GB = 4000: la kushoto linakwenda 0.066, na la kulia linatoweka kabisa. Upande ule mkunjo unapanda tu, hakuna pa kushusha mstari wima. Aliyezoea kufuata mabonde atasema hapa kuna fezi moja. Lakini laza rula chini ya mkunjo huohuo ulioinama, uielekeze kulia juu, nayo itagusa 0.145 na 0.855, palepale pa mwanzo.

Haikupaswa kutushangaza. Kile kipande x·GB ni mstari ulionyooka, na mstari ulionyooka ukijumlishwa kwenye mkunjo unauinamisha mkunjo na tanjenti yake kwa kiasi kilekile. Chini ya bonde ndipo mtelemko ulipo sifuri, na sifuri hiyo inategemea wapi umeamua kuanza kuhesabu. Atomi hazina habari na uamuzi wako.

Halafu kuna sababu ya kimaumbile, na hii ndiyo ninayowataka muishike. Atomi za B zilizomo ndani ya kipande chako ni zilezile. Fezi moja haiwezi kujitelemkia chini ya bonde lake kwa raha zake, kwa sababu B anayeiacha lazima apokewe na fezi ya pili, huenda kwa gharama kubwa kuliko faida iliyopatikana. Kuhama kunakoma pale ambapo kumhamisha B hakumpi yeyote nafuu, na kumhamisha A vilevile. Nishati hiyo ya kumwongeza B kidogo ndiyo potenshali yake ya kikemia, na inasomeka kwenye mchoro: tanjenti inakata mhimili wa kulia kwenye potenshali ya B, na wa kushoto kwenye ya A. Fezi mbili zikiwa na potenshali sawa kwa A na sawa kwa B, tanjenti zao zinakata mihimili yote miwili mahali pamoja, maana yake ni mstari mmoja. Kwa mfano wetu wenye GB = 4000, unakata kushoto kwenye joule −865 na kulia kwenye 3135. Mtelemko sawa peke yake hautoshi: mistari miwili sambamba ina mtelemko sawa, na wapo wanaokamatwa hapo.

Tupime faida ya kugawanyika fezi mbili, GB ikiwa bado 4000, kwa aloi yenye x = 0.30. Ikibaki fezi moja, G ni joule 486. Mstari wa tanjenti mahali hapo uko joule 335. Kwa hiyo kugawanyika kunaokoa joule 151 kwa moli. Fezi yenye B nyingi itachukua (0.30 − 0.145) ÷ (0.855 − 0.145), karibu asilimia 22 ya moli zote. Ukirudi kwenye GB = 1000 na kutumia mabonde, mstari unaoyaunganisha unapita joule 20 hivi juu ya tanjenti. Ni kidogo kiasi cha kutoonekana kwenye mchoro wa daftari, ndiyo maana macho peke yake yasiaminiwe.

Kwa kompyuta usitafute mitelemko. Sawazisha potenshali moja kwa moja:

```python
import numpy as np
from scipy.optimize import fsolve
RT, W, GB = 8314.0, 20785.0, 4000.0
muA = lambda x: RT*np.log(1-x) + W*x**2
muB = lambda x: GB + RT*np.log(x) + W*(1-x)**2
f = lambda v: [muA(v[0])-muA(v[1]), muB(v[0])-muB(v[1])]
print(fsolve(f, [0.05, 0.95]))
```

Angalia namba mbili za kuanzia zilivyowekwa pembeni kabisa, mbali na nundu. Hesabu hii ina jibu la kipuuzi linaloingoja njiani: x mbili zikiwa namba moja, tofauti zote ni sifuri na programu inaridhika. Ukipata jibu kama 0.3 na 0.3, hujagundua kwamba fezi ni moja, umeanzia pabaya.

Kuna kosa jingine, nalo ni la GB ileile kwa sura nyingine. Mkiwa na mikunjo miwili tofauti, mmoja wa kimiminika na mwingine wa kigumu, sifuri ya A iwe moja kwa yote miwili, na ya B hivyohivyo. Kuinamisha yote kwa pamoja hakuna madhara, kama tulivyoona. Kuinamisha mmoja tu kunahamisha majibu, na kila kitu kwenye mchoro kitaonekana kizuri.

Mwisho, lehemu ya mafundi redio, ya risasi na bati. Nyuzi 183 za selsiasi, mstari mmoja unagusa mikunjo mitatu: kigumu cha risasi, kimiminika, na kigumu cha bati. Vitabu vinaandika kimiminika hicho kina bati asilimia 61.9, nao wanafunzi wanakwenda kukitafuta kwenye x = 0.619 wasikipate. Ile ni asilimia ya uzito. Atomi ya risasi ina uzito wa 207.2, ya bati 118.7, hivyo kwa moli sehemu ya bati ni 0.74. Kigumu cha risasi, chenye bati asilimia 19 kwa uzito, kinakuwa 0.29. Badilisha kabla hujashika rula.