Mvi za pembeni bila mstari wa rangi

"Mvi zimenijaa juu ya masikio. Nikipaka rangi, wiki mbili tu mstari mweupe unatokeza kwenye mashina. Nifanyeje?"

Ndugu, hiyo ni rangi ya kudumu, tena nyeusi tii, imefunika kila unywele. Tafuta rangi ya muda isiyo na amonia, kahawia iliyofifia hatua moja kuliko nywele zako. Chovya ncha za kitana, pitisha kwenye mvi, nyingine uziruke makusudi. Suuza baada ya dakika 5 utazame: zikiwa za kijivu cha moshi, inatosha. Rangi hii hufifia kidogo kidogo kila unapoosha, ndiyo maana mvi mpya zinaingia bila kuonyesha mpaka. Ila saa 48 kabla, jaribu tone nyuma ya sikio. Pakiwasha, usiipake kabisa.