Glasi Moja Tu ya Mvinyo Mwekundu, na Kichwa Kimeshaanza Kugonga

Maumivu ya kichwa ya pombe yako ya aina mbili, na watu huyachanganya. Kuna ya yule aliyekesha baa, akaamka asubuhi mdomo mkavu, hataki hata pazia lifunguliwe. Hiyo ni hangova, na huanza saa 5 hadi 12 baada ya kunywa, pombe inapokuwa inaisha mwilini. Halafu kuna yangu. Mimi glasi moja ya mvinyo mwekundu inanitosha: sahani za pilau hazijaondolewa mezani, upande mmoja wa kichwa umeshaanza kugonga. Aina hii huja ndani ya saa 3 tangu uanze kunywa, na haina habari kama umelewa au hujalewa.

Nimeshaambiwa kila kitu. Kwamba sijazoea, kwamba nadeka, kwamba nilikunywa zaidi ya glasi moja ila naona aibu kusema. Kwa hiyo tuanze na hesabu. Mililita 150 za mvinyo wa asilimia 13 zina kama gramu 15 za pombe halisi. Chupa ya nusu lita ya bia ya asilimia 5 ina karibu gramu 20. Wapo watu wengi, mimi mmojawapo, wanaomaliza chupa hiyo ya bia salama na kuangushwa na glasi ya mvinyo mwekundu. Pombe peke yake ingekuwa ndiyo sababu, bia ndiyo ingetuumiza zaidi. (Ila angalia anayemimina. Kwenye sherehe zetu glasi hujazwa mpaka ukingoni, na glasi kubwa ya namna hiyo hufika mililita 250. Hapo "glasi moja" si moja tena.)

Jambo hili liliwahi kupimwa London, matokeo yakachapishwa mwaka 1988. Wagonjwa wa kipandauso walioamini kwamba mvinyo mwekundu ndio unaowaumiza walipewa ama mvinyo huo ama vodka iliyochanganywa ikawa na kiasi kilekile cha pombe, bila kujua wanakunywa kipi. Kati ya 11 waliopata mvinyo, 9 walishikwa na kipandauso. Kati ya 8 waliopata vodka, hata mmoja hakuumwa. Ni watu wachache, lakini tofauti hiyo si ya kupuuzwa.

Kumbe ndani ya mvinyo mwekundu kuna nini? Wengi hukimbilia kusema salfaiti, ile dawa ya kuhifadhi inayotajwa kwenye lebo. Sikubaliani nao. Mvinyo mweupe, hasa ule mtamu, kwa kawaida huwekewa salfaiti nyingi kuliko mwekundu, na matunda makavu kama zabibu na aprikoti yanaweza kuwa nazo nyingi zaidi. Kama unakula aprikoti kavu huumwi, usiilaumu salfaiti. Madhara yake yanayojulikana vizuri ni kubana kifua kwa wenye pumu. Histamini, kemikali inayohusika na mzio, nayo hutajwa sana, na ni kweli mwekundu huwa nayo zaidi. Inaweza kueleza pua kuziba na mwili kuwaka joto, lakini kwa kichwa ushahidi wake unayumba.

Dhana ninayoiona ina uzito ilitolewa mwaka 2023 na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis. Ini huvunja pombe kwa hatua mbili. Kwanza huigeuza kuwa asetaldehidi, ambayo ni sumu. Kisha kimeng'enya kiitwacho ALDH2 huibadilisha sumu hiyo kuwa kitu kisicho na madhara. Sasa, ganda la zabibu lina kemikali iitwayo kwersetini, ambayo mmea huitengeneza kwa wingi zaidi tunda linapopigwa na jua. Mvinyo mwekundu huchachushwa pamoja na maganda, mweupe huchachushwa bila maganda, ndiyo maana mwekundu una kwersetini nyingi zaidi. Watafiti hao waliona kwamba umbo ambalo kwersetini huchukua ikishaingia mwilini hukizuia kimeng'enya cha ALDH2, hivyo asetaldehidi hurundikana. Hiyo ilikuwa kazi ya maabara, si ya watu waliokaa mezani wakanywa, kwa hiyo bado ni dhana. Lebo nayo haitakuambia chupa ina kiasi gani.

Hata hivyo mumeo anaweza kunywa kutoka chupa hiyohiyo akalala fofofo. Tofauti iko mwilini. Mwenye kipandauso ana mishipa ya fahamu ya kichwani inayoamka upesi, na pombe yenyewe huichokoza. Kati ya watu wenye kipandauso, kama theluthi moja husema pombe huwaletea maumivu. Siku ambayo hujalala vizuri, hujala, au hedhi inakaribia, kizingiti kinashuka, na kiasi ambacho juzi hakikukufanya kitu leo kinakulaza.

Ndiyo maana kujipima kiholela hakusaidii. Shoga yangu mmoja, mhasibu, alikuwa na hakika kwamba mvinyo wote ni adui yake. Alikuwa akinywa Ijumaa za mwisho wa mwezi, akitoka kufunga hesabu, siku ambayo chakula cha mchana alikuwa anakiruka. Tukapanga upya. Jumapili, amelala vizuri na amekula, hedhi iko mbali, alipima mililita 100 za mvinyo mwekundu kwa kikombe cha kupimia cha jikoni. Akanywa pamoja na chakula, na maji pembeni, kisha hakugusa pombe nyingine. Saa moja baadaye kichwa kilianza. Jumapili nyingine alikunywa nusu chupa ya bia, ambayo ina pombe ileile, kama gramu 10. Kimya. Mvinyo mweupe, mililita 100 vilevile, kimya. Akarudia mwekundu wa chupa nyingine, kichwa kikarudi. Baadaye, Ijumaa moja ya njaa, mweupe nao ukamuumiza. Kwake yeye mwekundu haumfai kabisa, mweupe unategemea siku. Asiyekunywa, mjamzito, mwenye pumu inayochokozwa na mvinyo, au anayetumia dawa kama metronidazole asifanye jaribio hili.

Kuhusu vidonge, usimeze kabla ili upate nafasi ya kunywa. Ibuprofeni na diklofenaki pamoja na pombe hukwangua tumbo, hasa tumbo tupu. Paracetamol ina hatari kwa ini la anayekunywa kila siku. Ukishaumwa, acha glasi hapohapo, kunywa maji, kaa pasipo mwanga mkali. Na kama kipandauso chako kina dawa uliyoandikiwa, muulize daktari mapema uitumieje siku uliyokunywa pombe.

Kuna maumivu mengine yanayofanana na haya ila si haya. Mtu anakunywa kidogo, ya rangi yoyote, na ndani ya saa moja jicho moja linauma kama linachomwa, linatoa machozi, pua ya upande huohuo inaziba, naye hawezi kutulia, anazunguka chumbani. Yanarudi kwa majuma kadhaa, kisha yanatoweka kwa miezi, na katika miezi hiyo pombe haimfanyi kitu. Huyo aende kwa daktari na ataje yote hayo, hasa lile jicho, kwa sababu tiba yake ni tofauti, ikiwemo kuvuta oksijeni. Na maumivu makali kupita yote uliyowahi kuyapata, yaliyofika kileleni ndani ya dakika moja, au yanayokuja na mkono kulegea au ulimi kuwa mzito, ni ya kukimbizwa hospitali usiku huohuo, hata kama glasi bado iko mezani.