Timu iliyopita bila kucheza, iliyopumzika na iliyoshinda mezani

*Swali: Mwalimu, shikamoo. Tunaandaa kombe la vijana hapa Mtwara Mikindani, timu 11 za kata. Kwenye mchoro wa mashindano timu 5 hazichezi mwanzoni. Katibu ameandika “zimeshinda bila kucheza”, mwenyekiti anataka “zinapumzika”, vijana wanasema “zimepata bai”. Lipi sahihi? Na karatasi yenyewe tuiite mchoro, jedwali au msimamo?*

Marahaba. Andikeni kwamba timu hizo zinaanzia robo fainali. Mkitaka kueleza sababu, semeni zimepita bila kucheza. Katika maneno mliyoniletea, la katibu ndilo la kuondoa kwanza, kwa sababu linadai jambo ambalo halijatokea. Hakuna mechi, hakuna aliyefungwa, basi hakuna aliyeshinda. Timu imevushwa hatua moja na kura, na rekodi yake bado ni tupu.

“Bai” linaeleweka kijiweni na sioni haja ya kugombana nalo. Kwenye karatasi inayobandikwa ukutani lina udhaifu mmoja: msomaji asiyelizoea anaweza kudhani timu imeaga mashindano, yaani kinyume kabisa cha mlichokusudia. Wengine hupenda “imepita bila kupingwa”. Hilo liachieni uchaguzi. Mgombea aliyepita bila kupingwa amekwisha kupata kiti, lakini timu yenu ina mechi ya robo fainali inayoisubiri.

Neno la mwenyekiti ni zuri, ila mahali pake ni kwenye ligi. Hapa ndipo mtoano na ligi vinapoachana, nami nitakaa hapa kidogo kwa sababu kosa la neno huzaa kosa la hesabu.

Katika mtoano, kila raundi hupunguza timu kwa nusu. Ili hilo liende sawasawa mpaka fainali, idadi lazima iwe 2, 4, 8, 16 na kuendelea kwa kuzidisha mara mbili. Ninyi mna 11, na idadi ya juu iliyo karibu ni 16. Toeni 11 katika 16, mnapata 5: hizo ndizo timu zinazopita. Sita zilizobaki zinacheza mechi 3, washindi 3 wanaungana na zile 5, na mna timu 8 za robo fainali. Raundi hiyo ya mwanzo iiteni “raundi ya awali”. Msiiite “hatua ya 16 bora” kwa kuwa mmeizoea kwenye redio, maana timu 16 hamna.

Kura yake ni nyepesi. Kunjeni karatasi 11 zenye namba 1 hadi 11. Atakayeokota 1 hadi 5 amepita, na atakayeokota 6 hadi 11 anacheza. Nusu ya juu ya mchoro itakaa hivi:

```
Raundi ya awali     Robo fainali       Nusu fainali

                    Na. 1      ┐
Na. 8 ┐                        ├ RF1 ┐
Na. 9 ┘ M1 ──────── Mshindi M1 ┘     │
                                     ├ NF1
                    Na. 4      ┐     │
                               ├ RF2 ┘
                    Na. 5      ┘
```

Nusu ya chini, Na. 3 inamsubiri mshindi wa Na. 6 na Na. 11, na Na. 2 inamsubiri mshindi wa Na. 7 na Na. 10. Mnaona kwamba Na. 4 na Na. 5 zinakutana zote zikiwa hazijacheza. Hilo halikwepeki: nafasi 8 zina timu 5 zilizopita na washindi 3 tu, kwa hiyo robo fainali moja lazima iwe ya waliopita watupu.

Tazameni pia kwamba upande wa kushoto wa Na. 1 pako wazi. Paacheni hivyo hivyo. Msichore mstari wenye “Na. 1 na ——”, wala msiandike 3–0 ili karatasi ipendeze. Nafasi tupu inasema kweli kuliko matokeo ya kubuni, na mtu wa mfungaji bora hatakuja kuwauliza yale magoli matatu alifunga nani.

Wapo wanaokwepa hesabu ya 16 kwa kusema: timu 11, mechi 5, moja ipite. Wanabaki na 6. Sita wanacheza, wanabaki 3. Hapo ndipo mambo yanapokwama, na lugha ndiyo ya kwanza kuwaonyesha. Nusu fainali ni mechi mbili za timu nne, na robo fainali ni mechi nne za timu nane. Timu tatu hazina nusu fainali. Itabidi moja ivushwe mpaka fainali huku mbili zikiumizana. Kupita bila kucheza kwenye raundi ya awali ni nafuu ndogo, lakini kupita bila kucheza hatua moja kabla ya fainali ni nafuu inayoweza kuamua kombe, na mashabiki hawataelezwa wakaelewa. Mkiona jina la hatua halilingani na idadi ya timu zilizomo, rudini kwenye mchoro: waliopita hawakupangwa wote raundi ya kwanza.

Sasa tugeukie ligi, ambako kila timu inakutana na kila timu. Timu 11 zikikutana mara moja moja zinacheza mechi 55 (11 mara 10, gawanya kwa 2), wakati mtoano wenu unaisha kwa mechi 10, kwa kuwa kila mechi inatoa timu moja na wanaotakiwa kutoka ni 10. Mkiwa na uwanja mmoja na mechi nne kila wikiendi, ligi ya 55 inahitaji wikiendi 14. Ianzeni Julai na mtaikuta imeingia kwenye msimu wa korosho, wachezaji wako mashambani.

Kwa kuwa 11 haigawanyiki kwa mbili, kila raundi ya ligi ina mechi 5 na timu moja inabaki nje. Hiyo ndiyo inayopumzika. Raundi zitakuwa 11, na kila timu itapumzika mara moja, si zaidi. Tofauti iko hapo: anayepumzika hasongi popote, mechi zake 10 ziko pale pale, na zamu ya mwenzake inakuja. Anayepita kwenye mtoano amepata nafuu ambayo wengine sita hawataipata kamwe. Mkitumia neno moja kwa yote mawili, mtu wa Naliendele aliyecheza raundi ya awali atauliza, kwa haki, zamu yake ya kupumzika ni lini.

Na kosa la hesabu nililotaja linatokea kwenye msimamo. Baada ya raundi ya kwanza ya ligi, tuseme Shangani imepumzika. Mstari wake unasomeka: imecheza 0, pointi 0. Mwandishi anaona haya kuiweka chini na timu zilizofungwa, anaipa pointi 1 kama sare. Kuanzia hapo msimamo umeharibika na makosa yanajificha ndani ya wiki zinazofuata. Ila yanajisaliti. Jumlisheni safu ya “imecheza” kwa timu zote: lazima ipatikane mara mbili ya mechi zilizochezwa, yaani 10 baada ya raundi ya kwanza. Jumla ya “imeshinda” lazima ilingane na jumla ya “imefungwa”. Jumla ya “sare” lazima igawanyike kwa mbili, kwa kuwa hakuna anayetoka sare peke yake. Mkiikuta sare jumla yake ni 1 au 3, kuna timu imezawadiwa pumziko.

Limebaki neno la tatu, ambalo huchanganywa na haya mawili: ushindi wa mezani. Huu unahitaji mechi iliyopangwa. Timu mbili zimetajwa, siku na saa vimetajwa, mmoja hakufika au amechezesha asiyeruhusiwa, na kamati imekaa na kuamua. Kwenye ligi unaingia msimamoni kama mechi kamili, mara nyingi kwa magoli 3–0 na pointi 3, kwa kadiri kanuni zenu zinavyosema. Magoli hayo ni ya timu. Hayahesabiwi kwa mchezaji yeyote.

Vipi timu ikijitoa baada ya kura lakini kabla ya siku ya mechi? Hapo maneno hugusana. Kombe la Dunia la 1938 nchini Ufaransa liliwahi kukutwa na jambo hilo. Mchoro ulikuwa wa timu 16, Austria ikaondoka baada ya nchi yao kuunganishwa na Ujerumani, na Sweden waliopangwa nao wakaingia robo fainali bila kugusa mpira. Hawakuandikiwa goli wala ushindi. Mechi yao ya kwanza katika kumbukumbu ni ile ya robo fainali waliyoifunga Kuba 8–0. Mimi ningewashauri mfuate njia hiyo: Na. 9 ikijitoa mapema kwa barua, Na. 8 “imepita, Na. 9 imejitoa”. Isipofika uwanjani siku yenyewe, Na. 8 “imeshinda mezani”.

Kuhusu jina la karatasi, tumieni majina manne bila kuyachanganya. Mchoro wa mtoano unaonyesha nani atakutana na nani mpaka fainali, na hauna pointi. Ratiba ina tarehe, saa na uwanja. Msimamo unapanga timu kwa pointi, kwa hiyo ni wa ligi au makundi tu; mtoano hauna msimamo. Jedwali la matokeo ni lile la mraba ambalo timu zile zile zimeandikwa pembeni na juu, na matokeo yanajazwa zinapokutana. Visanduku vya timu na yenyewe huzibwa kwa wino, na hivyo vilivyozibwa havihusiani na kupumzika.

Kwenye kanuni zenu, kifungu kinaweza kuwa hivi: “Timu zitakazopata namba 1 hadi 5 kwenye kura hazitacheza raundi ya awali, zitaanzia robo fainali. Kupita huko hakutahesabiwa kuwa mechi, ushindi wala magoli. Timu itakayoshindwa kufika uwanjani itapoteza mechi hiyo, na mpinzani wake atapewa ushindi wa mezani wa magoli 3–0.” Kisomeni mbele ya viongozi wa timu zote 11 kabla karatasi hazijakunjwa, kwa sababu akishaokota namba yake, kila mmoja atalisoma neno “kupita” kwa faida yake.