Mzabuni kanitumia hela ya sikukuu

"Nipo kitengo cha ununuzi, halmashauri. Mzabuni tunayemfanyia tathmini kanitumia laki mbili kwa simu, eti ya Idi. Ni mtu mzima, namheshimu. Nimjibuje?"

Dada, usiitoe wala kuitumia. Irudishe leo kwenye namba ileile, na utunze ujumbe wa muamala wa kupokea na wa kurudisha. Kabla hujamjibu, mwandikie mkuu wako wa kitengo mistari miwili. Akija kusikia kwa mwingine, utaonekana ulikuwa unaficha.

Kisha mtumie hivi:

"Shikamoo mzee. Nimeona Sh 200,000 ulizonitumia jana. Nashukuru kwa kunikumbuka, ila kwa kazi yangu sipokei chochote kutoka kwa mzabuni, hivyo nimezirudisha kwenye namba yako. Mkuu wangu wa kitengo nimemjulisha. Jambo lolote la zabuni naomba lipitie ofisini kwa maandishi. Idi njema kwako na familia."

Usiandike "kwa sasa siwezi", maana atasubiri zabuni iishe arudi. "Usijisumbue mzee" ndiyo mbaya zaidi. Kwetu hiyo ni adabu ya mtu anayetaka abembelezwe. Wala usimtaje bosi kama kizuizi, ataenda kumwona bosi. Neno rushwa liache, huna haja ya kumtuhumu.

Akizituma tena, usibishane naye kwa simu. Rudisha, mjulishe mkuu, na hapo TAKUKURU nao wapate taarifa.