Naenda likizo, friji ya chanjo namwachia mwenzangu: niandike nini?

"Shikamoo. Mimi ni nesi dispensari moja kisiwani Pate, naenda likizo mwezi mzima na mwenzangu anakuja kunishikia. Karatasi ya makabidhiano nshaandika: siku za kliniki, namba za simu, dawa zilizobaki. Kwa friji ya chanjo nimeandika 'iko sawa, baridi tu isipotee'. Yatosha?"

Marahaba mwanangu. Hiyo ya friji ifute leo leo. Ukimwambia mtu baridi isipotee ataogopa joto peke yake, na mimi chanjo zilizoganda nimezikuta mara nyingi kuliko zilizopata joto.

Kuna nesi wa kushikia alifungua asubuhi akakuta nyuzi 9, stima ilikuwa imepotea usiku, akazungusha kitufe mpaka mwisho wa baridi, jioni hakusoma, usiku ikashuka chini ya 0, kesho yake akakirudisha na friji ikasoma 4, akaandika 4 daftarini kila mtu akaridhika. Chanjo ya penta, ya pepopunda na ya nimonia zilikuwa zishaganda na kuyeyuka, hazina kazi tena. Na kile kiduara cha kwenye kichupa hakikwambii kitu hapo, chenyewe hubadilika kwa joto tu. Mimi nilijua kwa kile kidude cha kurekodi joto, hutia alama ikifika -0.5 kwa dakika 60. Upande wa joto hungoja zaidi ya 8 kwa saa 10, kwa hivyo ile 9 ya asubuhi haikuwa ya kumtia mtu kiwewe.

Sasa andika: joto lisomwe asubuhi na jioni, hata Jumapili na Idi, liwe kati ya 2 na 8. Taja kitufe kiko namba ngapi, na kwamba hakiguswi. Ikipita 8 afunge mlango, aangalie stima, asome tena, ikizidi kupanda ahamishie chanjo kwa boksi la baridi. Ais paki zake ziwe zimeanza kuyeyuka, ukiitikisa usikie maji ndani, ngumu kama jiwe itaigandisha penta palepale. Ikishuka chini ya 0 asitupe wala asichanje, aziweke kando na alama, ampigie mtu wa chanjo wa kaunti ndogo waamue kama zitafanyiwa jaribio la kutikisa, yaani kichupa kinagandishwa makusudi kiyeyuke, kisha wanaangalia kama zile zinazoshukiwa zinatuama haraka kama hicho.

Kwa kila namba ya simu andika anapigiwa kwa lipi. Fundi akitoka Lamu mjini anangoja boti na maji, kwa hivyo boksi na ais paki ziwe tayari kabla hujaondoka, na ile "nitakuwa kwa simu" msiitegemee, mtandao ukikatika ndio basi.

Na nyinyi wengine mnaoshauriana eti stima ikipotea peleka chanjo kwa friji ya soda dukani, wacheni kabisa! Mle hamna thamometa, mlango wafunguliwa kutwa, na chupa za nyuma huganda. Siku ya kukabidhi kaeni wawili mbele ya kile kidude, mpitie siku 30 zilizopita moja moja, kisha mtie sahihi wote wawili.