Kifungo cha nje kina tarehe mbili

Ninyi mnaoanza kazi ya kusimamia watu waliopewa adhabu za nje ya gereza, mtakutana sana na kifungo kilichoahirishwa, ambacho wengi hukiita kifungo cha nje. Kina vipindi viwili: urefu wa kifungo chenyewe, na muda ambao mtu yuko chini ya masharti. Watu huvichanganya, na wengine huingia gerezani kwa sababu hiyo.

Kijana mmoja niliyemsimamia alihukumiwa miezi 6, ikaahirishwa kwa miaka 2 kwa sharti la kutotenda kosa jingine. Miezi 6 ilipopita akajiona yuko huru, nami sikuwahi kumuuliza alichoelewa. Mwezi wa 15 akaiba simu, akapewa miezi 3. Mahakama ikaifufua ile 6 na kuamuru zifuatane: jumla 9. Mama yake aliniuliza mlangoni, "Mwanangu, simu ni miezi mitatu. Hiyo sita imetoka wapi?" Swali lile linaniuma hadi leo.

Tangu hapo simwachi mtu aondoke kabla hajanieleza hukumu yake kwa maneno yake mwenyewe. Kisha namwandikia kwenye karatasi tarehe ya mwisho wa masharti, siyo idadi ya miezi. Na akitenda kosa jipya, msimwambie kwamba yote yamekwisha. Sheria nyingi humruhusu hakimu kukifufua kifungo chote au sehemu yake, na nyingine humruhusu kukiacha kama kilivyo, kwa kutazama uzito wa kosa jipya na muda aliokwisha kuutimiza.

Kwenye huduma ya jamii uvunjaji huanza kimyakimya: mtu anachelewa, anakosa siku moja, halafu anaona haya kurudi. Mpigieni simu siku ileile. Ripoti yenu kwa mahakama iseme saa alizofanya, siku alizokosa na sababu alizotoa. "Amekaidi" ni tuhuma, na hakimu hawezi kuipima. Kanuni za Tokyo, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1990, zinasema wazi kwamba kushindwa kwa adhabu mbadala kusimpeleke mtu gerezani moja kwa moja. Mtu aliyevunjika mguu anahitaji kazi nyingine ya kufanya, na hilo halitajulikana msipoliandika.

Faini ina mtego mmoja. Mara nyingi hukumu husema "faini au kifungo", na mtu asiye na fedha zote huamua kutolipa chochote. Mwelekezeni aombe mahakama imruhusu kulipa kwa awamu kabla siku ya mwisho haijapita. Penye sheria ya kupunguza kifungo kulingana na malipo, aliyelipa theluthi mbili ya faini yenye kifungo mbadala cha siku 90 hubakiwa na 30. Kwa hiyo hata akilipa kidogo, atunze risiti.